Kabla ya kupokea funguo, dai mchoro wa vilivyofukiwa

Mama mmoja wa watoto watatu alihamia nyumba mpya akiwa na ramani ya kibali cha ujenzi mkononi. Kiwanja kina mita 25 kwa 40, na ramani ilionyesha shimo la kunyonya majitaka likiwa nyuma ya nyumba. Miezi michache baadaye akachimba kisima cha mbele, karibu na geti, akiamini kiko zaidi ya mita 30 kutoka shimo hilo, umbali unaoshauriwa na wataalamu wa afya.

Mdogo akaanza kuharisha, akapona, akaharisha tena. Maji yalipopimwa yalikutwa na bakteria wa kinyesi. Mkandarasi alipoulizwa, akajibu, "Mama, kule nyuma tulikuta mwamba, tukalihamishia mbele." Lilikuwa mita 9 tu kutoka kisimani. Kisima kikafungwa.

Ramani ya kibali huonyesha kilichokusudiwa. Anachopaswa kudai mwenye nyumba siku ya makabidhiano ni mchoro wa jengo lilivyojengwa, wenye mabadiliko yote yaliyofanyika wakati wa kazi. Usiwe mchoro wa zamani uliobadilishwa tarehe. Kila shimo, chemba na bomba la chini liwe na vipimo kutoka kona mbili za nyumba, kwa mfano mita 6 kutoka kona hii na mita 8 kutoka ile. Kipimo kimoja hakitoshi kuonyesha mahali.

Uhakiki ni rahisi. Chukua futi kamba, pima chemba moja inayoonekana, kisha linganisha na mchoro. Ikiwa hiyo imekosewa, usiamini iliyofukiwa. Nyumba ambayo bado inajengwa, piga picha za mabomba na nyaya kabla ya kufukia na kupiga plasta, futi kamba ikionekana kwenye picha.

Pampu na hita ya maji nazo zina karatasi zake. Mara nyingi fundi ndiye hununua, hivyo risiti hubaki mfukoni mwake. Omba risiti, kadi ya waranti yenye muhuri wa duka, na kitabu cha maelekezo. Soma namba iliyo kwenye kifaa chenyewe, uone kama inalingana na ya kwenye kadi. Zikitofautiana, duka linaweza kukataa kutengeneza. Angalia pia waranti ilianza lini, kwani pampu iliyonunuliwa mwaka mmoja kabla ya kuhamia huenda muda wake umeshaisha.

Yote haya yaandikwe kwenye mkataba mapema, pamoja na sehemu ya malipo itakayobaki hadi karatasi zikabidhiwe. Wengi hubakiza asilimia 5 hadi 10. Mama yule alikuwa ameshalipa yote, na mchoro aliupata baada ya kufukua mwenyewe.