Undugu Usigeuzwe Cheti cha Kazi

Mwaka 1471 Papa Siksto wa Nne alishika uongozi wa Kanisa mjini Roma. Mwaka huo huo alimfanya mpwa wake, Giuliano, kuwa kardinali. Mapapa hawakuwa na watoto wa ndoa, hivyo wapwa ndio waliopewa vyeo na mapato. Kutokana na neno la Kitaliano lenye maana ya mpwa likazaliwa jina la desturi hiyo, nepotismo, ambalo kwa Kiswahili ni upendeleo wa kindugu. Mwaka 1692 Papa Inosenti wa Kumi na Mbili aliipiga marufuku, akiruhusu ndugu mmoja tu kuwa kardinali, naye awe anastahili.

Yafaa kutenganisha mambo matatu. Upendeleo ni neno pana: mkuu aweza kumpendelea rafiki, mtu wa kijiji chake au anayemsifu. Upendeleo wa kindugu ni tawi lake moja, lile la damu na ndoa. Kujuana ni jambo jingine. Mwalimu anayemwambia jirani kwamba nafasi imetangazwa hajamdhulumu mtu, maadamu jirani huyo atapeleka barua yake na kusailiwa kama wengine. Kosa huanza pale anayejuana na mwombaji anapokuwa ndiye mwamuzi.

Wako wanaouliza: je, kama ndugu huyo anaiweza kazi? Swali hilo ni la haki. Giuliano mwenyewe alikuja kuchaguliwa Papa mwaka 1503, akaitwa Yulio wa Pili, wala hakuwa mtu dhaifu. Lakini tuchukue mfano wa mkuu wa idara anayemwajiri shemeji yake kuwa karani wa stoo. Siku hesabu zitakapopungua, nani atamwandikia barua ya onyo? Karani mwenzake atakayegundua upungufu huo atamripoti kwa nani? Hata shemeji akiwa mwaminifu, sifa yake haitaaminiwa, kwa kuwa hakuna aliyempima bila kumwonea haya.

Ndiyo maana kanuni za waajiri humfunga mwamuzi zaidi kuliko ndugu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1967 humkataza ofisa wa serikali kumteua jamaa yake, wakiwemo wakwe na mashemeji, katika ofisi anayoitumikia au kuisimamia. Waajiri wengine hudai mjumbe wa usaili atamke undugu wake na kutoka chumbani, na ndugu wasisimamiane kazini.

Hata hivyo kanuni hizo zina tundu. Wakuu wawili waweza kubadilishana: huyu amwajiri mtoto wa yule, na yule amwajiri wa huyu, bila yeyote kuwa na undugu wa kutamka. Dalili yake huonekana katika tangazo la kazi, sifa zinapokatwa na kushonwa kama suti ya mtu mmoja. Tangazo la namna hiyo lihojiwe kabla ya usaili, kwani baada ya barua ya ajira kutiwa sahihi, huwa vigumu kulirekebisha.