Mtoto ameshuka, gari bado linakuja

Barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Kasumulu hupita Tukuyu, na malori yaendayo Malawi hushuka humo mchana na usiku. Sisi wa Igogwe na vitongoji vyake twaijua mvua ya huku na ukungu wake. Mlango wa basi la shule uko kushoto. Mtoto ambaye kwao ni ng'ambo ya kulia hushuka salama, kisha hubakiwa na barabara nzima ya kuvuka.

Wazazi na wafanye hesabu nasi. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata takriban mita 14 kila sekunde. Dereva amwonapo mtoto, hupita kama sekunde moja na nusu kabla breki haijashika, na mita 21 zimekwisha kwenda. Lami ikiwa imelowa, gari dogo huhitaji mita nyingine 25 hivi ili lisimame. Kwenye mteremko huhitaji zaidi. Naye mtoto achomozaye mbele ya basi huonekana akiwa amebakiza hatua mbili tu. Kwa hiyo dereva alikutaye basi la shule limesimama hana budi kupunguza mwendo kabla ya kulifikia, na awaonapo watoto wakishuka asimame, awe nyuma ya basi au mbele yake.

Mtoto naye afundishwe jambo moja hadi liwe mazoea: asivuke mbele ya basi wala nyuma yake. Asogee pembeni, aliache basi liondoke, ndipo atazame pande zote mbili. Wale wadogo washikwe mkono na mhudumu hadi ng'ambo. Asubuhi wangoje hatua tatu kutoka ukingo wa lami, wasilikimbilie basi kabla halijatulia. Juba refu, mtandio na kamba za mkoba vikusanywe kabla ya kupanda, kwani mlango ukivibana dereva hajui.

Mwenye gari ana deni lake. Serikali imeagiza wahudumu wawili, mwanamume na mwanamke, nasi twaona hilo ni jambo la busara hasa kwa mabinti zetu. Lakini mhudumu asiyeshuka garini ni abiria tu. Kila mtoto awe na kiti chake na mkanda wake. Kubananisha watatu kwenye kiti cha wawili, jambo lililozoeleka mno, huufanya mkanda kuwa pambo.

Tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu, basi lililobeba wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha liliporomoka korongoni penye mteremko, siku ya mvua. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Walionusurika ni watoto watatu. Miteremko yetu haipungukiwi na ile.

Basi kabla ya kulipa nauli ya muhula, mzazi aombe kuiona leseni ya LATRA, ahesabu viti na mikanda, kisha aende kituoni jioni moja bila taarifa, atazame ni nani anayeshuka na watoto.