Makofi si alama

Kwa Mhariri,

Nimechoshwa na waamuzi wa midahalo ya vijana wanaompa ushindi mwenye sauti kubwa. Juzi hapa Lindi, Kibera, hoja ilikuwa: "Bei ya mtungi wa maji ipangwe na kaunti." Msichana aliyeunga mkono alisema mifereji ikikauka wauzaji hupandisha bei, na maskini hana pengine pa kununua. Mpinzani wake hakukana hilo. Alisema bei hupanda kwa kuwa maji ni haba. Ukiibana, muuzaji atafunga kibanda au atauza kwa kificho. Alikubali tukio, akavunja sababu.

Msichana angeweza kujibu kwamba kaunti ilete maji kwa lori siku za uhaba. Badala yake alirudia maneno yale yale kwa kelele zaidi, makofi yakalipuka, akashinda. (Mimi naunga mkono bei ya kaunti, lakini siku ile upande wangu ulishindwa kwa hoja.)

Mwamuzi hakuwa hata na kalamu! Angeandika kila hoja na jibu lake mkabala, angeliona pengo.

Walimu mnaosimamia midahalo, waamuzi mnawafunza vipi? Tunaomba mtujibu hapa.

Mzazi,
Lindi, Kibera