Mkopo wa ada ‘umetoka’, chuo kinasema hakijaona: Pesa hukwama wapi?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafungua simu na kuona kwamba amepangiwa mkopo. Nyumbani Nshamba, wilayani Muleba, familia inashusha pumzi. Fedha ya kahawa iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya ada inapelekwa kwenye mahitaji mengine. Miezi mitatu baadaye, wiki ya mitihani ikikaribia, simu inapigwa: “Baba, Bodi wanasema wametuma, chuo wanasema sina malipo.”

Hapo ndipo wengi hudhani kuna mtu anadanganya. Mara nyingi hakuna anayedanganya. Neno “mkopo umetoka” lina maana nne tofauti, na kila ofisi hutumia ile inayoihusu.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, ilianza kazi mwaka 2005. Mkopo wake haulipwi kwa mkupuo, na wala hauendi wote sehemu moja. Posho ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, huingia kwenye akaunti ya benki ya mwanafunzi mwenyewe kwa awamu. Ada ni tofauti. Hiyo huenda moja kwa moja chuoni, kwa kawaida kwa kila muhula, na mwanafunzi haishiki mkononi.

Ndiyo maana bumu likichelewa, chuo kizima kinajua siku hiyo hiyo. Ada ikikwama, mhusika anaweza kukaa muhula mzima bila kujua.

Maana nne za “umetoka”

Ya kwanza ni kupangiwa. Bodi inapotangaza “awamu ya kwanza” au “awamu ya pili” kwa waombaji wapya, inataja watu waliopangiwa mkopo. Hiyo ni ahadi ya kiasi fulani kwa mwaka. Bado hakuna shilingi iliyohama. Awamu hizi za kupanga zisichanganywe na awamu za malipo, ambazo huja baadaye.

Ya pili ni kutumwa. Bodi hulipa chuo fedha za wanafunzi wengi kwa pamoja, zikiambatana na orodha ya majina na kiasi cha kila mmoja. Kwa Bodi, fedha hiyo imeshatoka.

Ya tatu ni kusainiwa. Mwanafunzi anatakiwa kuthibitisha kwamba yupo chuoni na anapokea fedha hiyo, ada ikiwemo. Zamani ilikuwa foleni na karatasi. Mfumo wa Bodi wa DiDiS umeleta uthibitisho wa kidijitali. Njia imebadilika, wajibu haujabadilika: fedha isiyosainiwa ndani ya muda uliotangazwa hurudishwa Bodi.

Ya nne ni kuingizwa kwenye akaunti ya mwanafunzi chuoni. Mhasibu anachukua ule mkupuo mmoja na kuugawa jina kwa jina. Mpaka afanye hivyo, mfumo wa chuo unaendelea kumwonyesha mwanafunzi kuwa anadaiwa, hata kama fedha iko benki kwenye akaunti ya chuo.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mwanafunzi wa kufikirika kutoka Nshamba anayesoma Mwanza. Namba hizi ni za mfano tu. Ada ya kozi yake ni Sh 1,500,000 kwa mwaka. Bodi imempangia Sh 900,000 kwenye kipengele cha ada. Zinazobaki, Sh 600,000, ni jukumu la familia.

Kwa muhula mmoja, chuo kinadai nusu ya ada, yaani Sh 750,000. Mkopo unatarajiwa kulipa Sh 450,000 na familia Sh 300,000. Muhula wa kwanza pia una michango mingine, kama usajili na bima ya afya. Tuseme ni Sh 150,000. Michango hiyo haimo kwenye kipengele cha ada, kwa hiyo familia inatakiwa kutoa Sh 450,000 kwa jumla.

Mzazi analipa Sh 450,000 zake kwa kumbukumbu namba ya malipo. Ankara ya muhula ilikuwa Sh 900,000. Akaunti ya chuo sasa inaonyesha deni la Sh 450,000.

Hilo ndilo deni la kuangalia. Linalingana kabisa na sehemu ya mkopo, kwa hiyo tatizo liko upande wa mkopo. Lingekuwa Sh 600,000, pungufu ya Sh 150,000 ingekuwa michango ambayo familia haikulipa, na kuililia Bodi kusingesaidia kitu. Kabla ya kuuliza “pesa yangu iko wapi”, mwanafunzi anatakiwa kujua ni shilingi ngapi hasa anazoziulizia.

Daftari mbili na saini moja

Kwenye simu, kuna sehemu mbili za kusoma. Ya kwanza ni SIPA, akaunti binafsi ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Bodi. Inaonyesha kiasi alichopangiwa kwa kila kipengele. Ya pili ni akaunti yake ya mapato na madeni kwenye mfumo wa chuo, yenye ankara na malipo yaliyopokelewa. Katikati ya hizo mbili kuna saini yake.

Kosa la kawaida ni kusoma kiasi kilichopangwa kana kwamba ndicho kilicholipwa. Mwanafunzi wa mfano wetu akiona Sh 900,000 kwenye ada, hiyo ni ya mwaka mzima. Katikati ya muhula wa kwanza, kinachotafutwa ni malipo ya Sh 450,000, yakiwa na tarehe, kipengele na muhula wake. Kosa lingine ni kuona bumu limeingia benki na kudhani kwamba ada nayo imelipwa. Ni malipo tofauti, na moja linaweza kwenda huku lingine limekwama.

Akishasoma pande zote mbili, majibu hujitenga yenyewe.

Kama Bodi inaonyesha malipo ya ada ya muhula huo na mwanafunzi ameshasaini, lakini chuo kinaonyesha deni, fedha iko kwa mhasibu ikisubiri kugawanywa. Huo ni mzigo wa chuo. Anayetakiwa kuonwa ni ofisa mikopo wa chuo, kisha ofisi ya uhasibu.

Kama Bodi inaonyesha malipo lakini mwanafunzi hajasaini, muda unamkimbia yeye. Hapa siku zina thamani, kwa sababu orodha ikifungwa fedha inarudi, na kuifuatilia upya ni safari nyingine ya barua na kusubiri.

Kama Bodi haionyeshi malipo yoyote ya muhula huo wakati wenzake wameshapata, basi jina lake halikuingia kwenye orodha. Kwa wanaoendelea na masomo, sababu kubwa ni matokeo: Bodi husubiri chuo kiwasilishe matokeo ya mitihani kuthibitisha kwamba mwanafunzi amevuka mwaka. Sababu nyingine ni namba ya usajili isiyolingana, kuhama chuo au kozi, au kurudi baada ya kuahirisha masomo bila kuomba mkopo uendelee. Katika hali hizi, kumlaumu mhasibu ni kupoteza muda. Hana fedha ya kugawa.

Swali linalojibika

Ofisa mikopo mmoja anaweza kuhudumia mamia ya wanafunzi. Ujumbe wa “naomba msaada, mkopo wangu haujaingia” unamlazimisha aanze kuuliza upya kila kitu. Ujumbe unaofanyiwa kazi una mambo machache: jina kama lilivyo kwenye usajili, namba ya mtihani wa kidato cha nne iliyotumika kuombea mkopo, namba ya usajili wa chuo, mwaka wa masomo na muhula, kipengele (ada), kiasi kinachotafutwa, na picha za skrini mbili, ya SIPA na ya akaunti ya chuo.

Kwa mzazi aliyeko Nshamba, hili ni muhimu zaidi. Kwenda Mwanza kwa basi, au kwa meli kutoka Bukoba au Kemondo, ni gharama. Na akifika, hawezi kusaini kwa niaba ya mtoto wake. Anachoweza kufanya ni kuomba atumiwe picha hizo mbili mwanzoni mwa kila muhula, azifanyie hesabu, na aulize jambo moja: “Umesaini ada, au umesaini bumu tu?”

Chuo kikishindwa kujibu, ofisi ya Bodi ya kanda ipo Mwanza. Anayejitokeza kwenye simu akitaka hela ili “ausukume” mkopo ni tapeli. Ada inahama kati ya akaunti ya Bodi na akaunti ya chuo. Hakuna kona ambayo mtu wa nje anaweza kuisukuma.

Bili inakuja baadaye

Kinachofanya ufuatiliaji huu usiishie kwenye kuruhusiwa kufanya mtihani ni kwamba mkopo hulipwa. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi wa mwezi mpaka deni liishe. Msingi wa deni hilo unatakiwa kuwa fedha zilizotolewa kwa ajili yake. Zilizopangwa tu na zile zilizorudishwa Bodi hazimhusu.

Turudi kwenye hesabu. Kwa miaka mitatu, ada aliyopangiwa ni Sh 2,700,000. Tuseme muhula mmoja wa mwaka wa pili hakusaini, Sh 450,000 zikarudi Bodi, na familia ikauza kahawa na ndizi kuziba pengo. Upande wa ada, deni lake sahihi ni Sh 2,250,000. Taarifa ya mkopo ikisoma Sh 2,700,000, atalipa mara mbili: mara ya kwanza kwa mfuko wa baba, mara ya pili kwa mshahara wake.

Kulirekebisha hilo akiwa bado chuoni ni rahisi, kwa sababu ofisa mikopo ana orodha ya waliosaini na mhasibu ana kumbukumbu ya fedha zilizorudishwa. Miaka mitano baada ya kuhitimu, ushahidi alionao huenda ukawa ni risiti za benki za mzazi, kama zilitunzwa. Kwa hiyo picha za skrini za kila muhula, zikiwa na tarehe, zihifadhiwe pamoja na risiti hizo. Kabla ya kuondoka chuoni, mwanafunzi ajumlishe ada iliyopokelewa muhula kwa muhula, kisha alinganishe na taarifa ya mkopo ya Bodi. Namba hizo mbili zikitofautiana, barua iandikwe kabla hajakabidhi kitambulisho cha chuo.