Una ofa mkononi, unasubiri nyingine: umwambieje mwajiri? (Sehemu ya 4)

Mama zangu, wengi mnaniuliza inbox kama ni utovu wa adabu kumwambia mwajiri kwamba kuna pengine wamekuita. Mimi nasema si utovu wa adabu, ilimradi hiyo ofa ipo kweli na una barua yake. Kama ni ya kubuni, nyamaza. Wakikujibu "basi nenda huko", utaenda wapi?

Kuna muuguzi mwenzangu, mtoto wake ana miezi saba. Jumatatu zahanati moja ikampa barua, jibu litakiwe Ijumaa saa kumi jioni. Yeye roho yake iko hospitali aliyofanya usaili wiki mbili nyuma, maana kule zamu za usiku ni chache. Akaandika: "Nimepata kazi nyingine, msiponijibu hadi Ijumaa naenda huko." Kabla hajatuma akanionyesha.

Jamani, hilo "msiponijibu" ndilo linalochoma. Afisa rasilimali watu mara nyingi hana uamuzi peke yake, anamsubiri matroni au mkurugenzi asaini. Ukimtisha, huna ulichomsaidia. Ukimpa tarehe na sababu, anapata cha kupeleka kwa bosi wake. Tukaandika hivi:

"Habari za asubuhi, dada. Nilifanya usaili kwenu wa wodi ya wazazi. Jumatatu nimepata ofa kwingine, wanataka jibu Ijumaa jioni. Bado napenda zaidi kufanya kazi kwenu. Je, naweza kujua uamuzi wenu kufikia Alhamisi? Kama bado, naomba kujua tu mmefikia wapi. Asante."

Ona, jina la zahanati halimo, wala mshahara. Ukitaja mshahara sasa umeanza kupatana bei, na hilo ni jambo la siku nyingine, baada ya wao kukutaka. Aliomba Alhamisi ili abaki na siku moja ya kuongea na mume wake na dada wa kazi. Na alituma Jumanne asubuhi. Ukisubiri Ijumaa mchana hata ukiandika kwa upole vipi, itasomeka kama kumshika mtu koo.

Wakati huohuo akaiomba zahanati imwongezee hadi Jumatatu. Hili watu wanalisahau sana, na kwa maoni yangu ndilo la kwanza kujaribu, kwa sababu halimgusi yule unayemtaka.

Hospitali ikamjibu Jumatano: kikao ni wiki ijayo, ila yumo kwenye watu wawili wa mwisho. Hapo sasa unachagua ukijua. Jibu lingekuwa "tutakujulisha" bila siku yoyote, mimi ningesaini zahanati.

Ila kwa wanaosubiri ajira za serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira, ujumbe huu msihangaike nao. Kule majina hutoka kwa utaratibu wao, ofa yako haiwaharakishi.