Picha ya gauni haijui hipsi zako

Na Zuhura Mwinyikombo

Fundi cherehani mwenye duka la mtandaoni sasa anaweza kumwonyesha mteja gauni likiwa mwilini mwake kabla hata kitambaa hakijakatwa. Mteja anatuma picha aliyosimama, anachagua mshono, na muda si mrefu anajiona amevaa. Huduma hii naipenda, maana inamwondolea mtu wasiwasi wa rangi na shingo. Ninachokipinga ni kuitwa kujaribu nguo, kwa sababu hakuna nguo iliyojaribiwa.

Tazama kinachofanyika. Programu inatafuta mwili ndani ya picha: mabega, viwiko, nyonga, magoti. Halafu inaifuta nguo uliyovaa na kuacha uso, nywele na ukuta ulio nyuma yako. Pale palipofutwa ndipo inapochora gauni la dukani, ikilivuta huku na kulikunja kule mpaka lienee. Kwa hiyo gauni litakuenea siku zote, kwa kuwa limechorwa likuenee. Hakuna hatua ambayo programu imeuliza gauni lina inchi ngapi, wala wewe una inchi ngapi.

Chanzo chake ni mafunzo yenyewe. VITON, mfumo ambao watafiti waliutangaza mwaka 2018 na mingine mingi ikafuata njia yake, ulifunzwa kwa picha zaidi ya 14,000 za wanawake waliotazama mbele, kila mmoja na blauzi aliyoivaa. Ni picha za kuuzia nguo, na anayeuza nguo haweki dukani picha ya zipu iliyogoma kufunga. Mfumo uliokulia humo hauwezi kukuchorea gauni linalobana.

Sasa tuingie kwenye meza ya kukatia. Fundi ana sampuli ya gauni la kitenge lililonyooka, la hipsi 36. Anaongeza inchi 4 za kupumulia, linakuwa na mzunguko wa 40. Kipande cha mbele kina upana wa inchi 20, na ukiongeza inchi moja ya mishono kinafika 21. Cha nyuma ni vivyo hivyo. Viwili pamoja ni inchi 42, na kitenge chenye upana wa inchi 45 kinavibeba vikiwa ubavu kwa ubavu. Ikiwa gauni lina urefu wa inchi 56 pamoja na pindo, yadi moja na nusu na ushee inatosha, mikono ukiiweka kando.

Mteja aliyetuma picha ana hipsi 44. Kwa hesabu ileile kila kipande kinafika inchi 25, na viwili ni 50. Havikai tena ubavu kwa ubavu. Fundi atakata cha mbele, kisha ashuke chini akate cha nyuma, na kitambaa kitafika yadi tatu na zaidi. Kwenye simu mama huyu aliona gauni lilelile, limemkaa vizuri, kwa bei ya sampuli. Gharama ya yadi za ziada itamwangukia nani? Ama fundi ataila hasara, ama atabana mishono ili kitambaa kitoshe, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Liko jambo jingine linaloniuma zaidi. Dada aliyepigwa picha akiwa na mikono mirefu na mtandio, akichagua gauni la mikono mifupi, programu inalazimika kuchora mikono na shingo ambayo haikuiona. Inabuni ngozi, inabuni na umbo, kisha inamwekea uso wake. Dada huyo hakuwahi kupiga picha ile, lakini ipo, na yeyote atakayetumiwa ataamini ni yeye. Baadhi yetu tumelelewa kuona picha kama hiyo ni kuvuliwa nguo hadharani, na sioni sababu ya duka kuliona ni jambo dogo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Picha ya mteja ni taarifa yake, si mali ya duka.

Fundi anayetaka kuitumia huduma hii kwa haki aanze kwa kuchagua mishono itakayojaribiwa, ili mteja aliyejifunika asichorewe gauni linalomfunua bila kuulizwa kwanza. Picha zote mbili, iliyotumwa na iliyochorwa, zifutwe mteja akishachagua, na fundi asizirushe kwenye kurasa zake kama tangazo. Bei nayo isitokee chini ya picha. Itokee baada ya mteja kujaza kifua, kiuno, hipsi na urefu, vipimo vilivyochukuliwa kwa futi na mtu wa pili, kwa sababu anayejipima hipsi mwenyewe mara nyingi futi humpanda nyuma bila kujua.