Umefeli Hisabati? Usianze na ukurasa wa kwanza wa Kidato cha Kwanza

Matokeo yakitoka Januari, mitaani Runazi huwa ni stori ileile. Mtu kapata F ya Hisabati, analia siku mbili, ya tatu anatangaza anarisiti. Anatafuta daftari jipya, anafungua kitabu cha Kidato cha Kwanza ukurasa wa kwanza. Novemba ikifika yuko katikati ya Kidato cha Pili, na hela ya usajili imeenda na maji.

Tatizo sio uvivu. Tatizo ni kwamba hajui alifeli nini. NECTA inatoa herufi, karatasi ya majibu hairudi. Na hiyo F inaanzia 0 mpaka 29. Aliyepata 27 anahitaji alama tatu tu kufika D. Aliyepata 4 ana safari nyingine kabisa. Wote wameandikiwa F, na wote wanakwenda tuisheni moja.

Sasa kuna binti mmoja, jina tuliache, hela yake ya kurisiti ilitoka kwenye maharage ya shamba la mama. Kabla ya kugusa daftari lolote alitafuta pepa ileile iliyomwangusha, akajifungia saa tatu kamili, akaifanya tena. Hapo kwenye "kabla" ndipo penye siri. Ukisoma kwanza ndo uifanye pepa, alama zitakudanganya.

Kusahihisha alimwomba mwalimu mmoja jirani, na pembeni akaweka taarifa ya NECTA ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hizo taarifa zipo bure kwenye tovuti yao, somo kwa somo. Ya Hisabati iko kwa Kiingereza, ila inapita swali kwa swali: wengi walikosea wapi, na kuna picha za majibu halisi, zuri na bovu. Wanaorisiti wengi hawajawahi hata kuifungua.

Akapata 24. Kazi ikaanza kwenye zile 76 alizopoteza. Kila alama iliyopotea aliiwekea sababu. Alama 34 zilikuwa kwenye mada ambazo hakuwahi kuzielewa. Alama 22 alijua njia ila akakosea hatua. Alama 20 ni maswali ambayo hakuyafikia, muda ulimkata.

Zile 22 ndo zilimshangaza. Karibu zote zilikuwa kosa moja. Mfano, 5 − 2(x − 3) = 1. Yeye alifungua mabano akaandika 5 − 2x − 6 = 1, akapata x = −1. Sahihi ni 5 − 2x + 6 = 1, yaani x = 5. Alama ya kutoa iliyo nje ya mabano hakuipitisha mpaka ndani. Kosa hilohilo likamla kwenye milinganyo, kwenye mteremko wa mstari, na kwenye matriksi. Angeliita "sijui matriksi" angesoma matriksi mwezi mzima, na kosa lingebaki palepale.

Muda nao una hesabu yake. Pepa ina alama 100 kwa dakika 180. Swali la alama 6 linastahili kama dakika 11, la alama 10 dakika 18. Yeye swali moja la alama 6 alilikalia zaidi ya nusu saa, huku maswali ya Sehemu B yanamsubiri.

Uamuzi ukawa huu. Anataka C, ambayo inaanzia 45. Akiokoa nusu tu ya makosa ya hatua anaongeza 11, akiokoa nusu ya muda anaongeza 10. Ni 45 juu ya mstari kabisa, hakuna akiba. Kwa hiyo kwenye zile 34 alichagua mada mbili tu, takwimu na hesabu za biashara, nyingine akaziacha kwa makusudi. Kila jioni maswali kumi ya mabano, na kila Jumamosi pepa nzima ya mwaka mwingine kwa saa.

Kipimo ni kwamba pepa zijazo nazo zinachambuliwa hivyohivyo. Makosa ya mabano yakishuka, anapunguza mazoezi hayo na kuhamia kwingine. Yasiposhuka baada ya wiki tatu, sababu aliyoandika haikuwa yenyewe, inabidi aisake upya.

Njia hii ina mpaka wake. Aliyepata alama 4 akichambua atakuta karibu zote ziko kundi la "sijui", na huyo kweli aanze chini kabisa. Lakini aanze kwa sababu pepa imemwambia hivyo, sio kwa sababu jirani naye alianza hapo.